Samba: laptopu ya Linux inaingia, Windows tatu zinakataliwa. Nimekwama hapa Wete

#1 kombo_wete

Assalaam alaykum. Nasomesha skuli moja ya binafsi hapa Wete, na kwa kuwa mimi ndiye maalim wa kompyuta, kila chenye waya huletwa kwangu. Mwezi uliopita nilichukua kompyuta kongwe ya ofisini nikaigeuza seva ya faili: Ubuntu 22.04 na Samba iliyokuja nayo, anwani 192.168.1.10. Nilitaka matokeo na karatasi za mitihani zikae pahala pamoja, zisizungushwe tena kwa fleshi yenye virusi vya tangu enzi.

Laptopu yangu ya Linux Mint inaingia, inafungua, inahifadhi, raha mustarehe. Windows zote tatu zinagoma, na kila moja inalia kilio chake.

Ya mhasibu ni Windows 10 Pro. Nikiandika \\192.168.1.10 folda naiona, nikiibofya naambiwa sina ruhusa. Ya mwalimu mkuu ni Windows 11 Pro, mpya. Hiyo hata orodha ya folda haitoi, inaleta maneno marefu kwamba sera za usalama za taasisi yangu zinazuia wageni. Taasisi gani tena, wakati mwenye kuweka sera ni miye? Ya maktaba ni Windows 10. Inaomba jina na paswedi, naweka "kombo" na paswedi ileile ninayoingilia Ubuntu, inaomba tena. Naweka tena, inaomba tena.

Setingi zangu ndizo hizi, na `testparm` haikulalamika:

```
[global]
   workgroup = WORKGROUP
   map to guest = Bad User

[matokeo]
   path = /home/kombo/matokeo
   valid users = kombo
   guest ok = yes
   read only = no
```

Mwenye kujua anisaidie, mitihani iko karibu.

#2 Darajani_Kompyuta

Hilo ni toleo la SMB, lugha ambayo Windows na Samba hupeana faili, usiumize kichwa. Windows za sasa zimezimwa SMB1. Nenda "Turn Windows features on or off", tia tiki kwenye SMB 1.0, washa upya. Kwenye seva ongeza `server min protocol = NT1`. Nimefanya hivyo maofisi mangapi hapa mjini sijui. Dakika kumi tu.

#3 nahodha_mstaafu

Hata mimi lilinikuta. Dawa yake ni kutaja toleo unapoipachika kwenye fstab:

```
//192.168.1.20/data /mnt/data cifs vers=2.1,credentials=/root/.siri 0 0
```

Usipotaja, Linux inachagua yenyewe na huko ndiko inakokwama.

#4 karafuu_kavu

Nahodha, abiria anakwenda Pemba, chombo umekielekeza Tanga. Linux yake haina tatizo. Wanaogoma ni Windows wanaotaka kuingia kwenye Linux.

#5 nahodha_mstaafu

Aa, kweli. Nilisoma nusu. Basi niacheni nikae barazani nisikilize.

#6 BiMwema

Kombo, usiguse chochote kwanza, hasa hiyo SMB1.

Darajani, sikatai kwamba matoleo huleta matatizo, ila dalili hapa hazifanani. Kompyuta mbili zinapokutana, neno la kwanza wanalokubaliana ni toleo. Jina na paswedi huja baadaye, na folda baadaye zaidi. Wakishindwana kwenye toleo mazungumzo yanakatika papo hapo, hawafiki pa kuambiana "huna ruhusa". Mashine ya mhasibu imeshaona orodha ya folda, kwa hiyo toleo walishakubaliana zamani. Samba tangu 4.11 ya mwaka 2019 inakataa SMB1 kwa chaguo-msingi na inaanzia SMB2, na Windows 10 na 11 zinaongea hadi 3.1.1. Hapo hakuna ugomvi.

Kombo, nataka vitu vitatu. Kwanza, matokeo ya `sudo pdbedit -L`. Pili, mhasibu ajaribu kuingia, na akishakataliwa tu wewe piga `sudo smbstatus` utuambie safu ya jina na safu ya toleo zinasemaje. Tatu, ukiwa kwenye laptopu yako ya Linux, jifanye Windows ya mhasibu. Tumia jina ambalo hukulisajili kwenye Samba, na paswedi yoyote:

```
smbclient //192.168.1.10/matokeo -U mhasibu%lolote1
smbclient //192.168.1.10/matokeo -U kombo
```

#7 Darajani_Kompyuta

Dada, mimi sibishani, nasema nilichofanya na kikafanya kazi. Watu hapa wanapenda maelezo marefu.

#8 kombo_wete

Nimerudi, umeme ulikuwa umekatika.

`pdbedit -L` inaleta mstari mmoja tu, wangu:

```
kombo:1000:Kombo
```

`smbstatus` kwa mashine ya mhasibu: jina ni nobody, kundi nogroup, toleo SMB3_11. Huyu nobody ni nani? Sikumsajili.

Ile ya kujifanya Windows, kwa jina la mhasibu:

```
tree connect failed: NT_STATUS_ACCESS_DENIED
```

Kwa jina la kombo nikiweka paswedi ya Samba naingia. Nikiweka ya Ubuntu nakataliwa. Kumbe ziko mbili, na niliziweka tofauti, nilikuwa nimesahau kabisa.

#9 karafuu_kavu

Linux imekataliwa na Linux. Sasa twende tukailaumu Windows vizuri.

#10 BiMwema

Hapo ndipo penyewe. Kumbe laptopu yako haikuingia kwa sababu ni Linux. Iliingia kwa sababu siku ya kwanza kisanduku cha faili kilikuuliza jina, ukaandika kombo na paswedi ya Samba, ukakubali zihifadhiwe. Tangu hapo inaingia kwa jina hilo kimyakimya.

Windows nayo ina tabia yake. Haikuulizi kwanza. Inachukua jina na paswedi ulizofungulia kompyuta asubuhi na kujaribu kuingia kwenye seva kwa hizohizo. Mhasibu anafungua kompyuta yake kwa jina "mhasibu", basi seva inapokea "mhasibu". Samba inatafuta kwenye daftari lake na haimwoni. Hapo unaingia mstari wako wa `map to guest = Bad User`, ambao Ubuntu inakuja nao wenyewe. Maana yake ni kwamba jina lisilojulikana lisifukuzwe, lipokelewe kama mgeni. Mgeni kwenye Linux ndiye huyo nobody.

Sasa nobody anafika kwenye folda. `guest ok = yes` inamwambia karibu. `valid users = kombo` inamwambia hapa anaingia Kombo peke yake. Zikigongana, inayoshinda ni ya kukataza. Ndiyo maana `testparm` haikusema kitu. Inakagua kama umeandika maneno inayoyajua, haina habari kama maneno yako yanapingana.

Mashine ya mwalimu mkuu ni sababu ileile, tofauti yake inakataa mapema zaidi. Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 haikubali kabisa kuingizwa kama mgeni, na tena inadai mazungumzo yatiwe sahihi, jambo ambalo mgeni hawezi kwa kuwa hana paswedi ya kutengenezea hiyo sahihi. Ikiambiwa na seva "nimekupokea kama mgeni", inajitoa yenyewe. Kwa hiyo ujumbe ule hautoki kwenye seva yako, ni Windows inayosema.

Ya maktaba umeshajijibu. Kule uliandika jina kombo, na kombo yumo kwenye daftari. Jina likiwemo na paswedi ikawa si yake, Bad User haimgeuzi mtu kuwa mgeni, anakataliwa tu. Ndiyo maana ikawa inauliza, inauliza.

#11 karafuu_kavu

Kwa Kiswahili cha harusi: kadi imeandikwa karibuni nyote, mlangoni kasimamishwa ami mtu anasema ndani anaingia bwana harusi tu. Pilau linanukia mpaka nje.

#12 Shangani_Print

Msimcheke Darajani. Mimi nina duka la kuchapa, na fotokopi langu kubwa lilikuwa likiskani moja kwa moja hadi kwenye folda ya seva. Nilipoifanyia seva apdeti, skani zikafa. Kosa la kitoto, mashine inaonesha "haikuunganishwa" basi. Nikahangaika wiki na ruhusa, nikaweka 777 kila pahala. Mwisho nikaweka `server min protocol = NT1` ikarudi papo hapo. Kwangu mimi lilikuwa toleo, wallahi.

#13 Darajani_Kompyuta

Ahsante ndugu yangu. Naona leo kuna shahidi.

#14 BiMwema

Shangani, kwako ni kweli kabisa, na dalili yako ndiyo inayotofautisha. Mashine yako haikuona folda, haikuulizwa jina, haikuunganishwa tu. Mafotokopi ya zamani mengi yanajua SMB1 peke yake, na Samba ikishaacha kuipokea hayana pa kwenda.

Ila ulichofungua ni mlango wa seva nzima. SMB1 ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017. Udhaifu ule ulikuwa wa Windows, Samba haimo, lakini Darajani anamwambia Kombo aiwashe kwenye Windows tatu za skuli. Huko ndiko kwenyewe. Kama fotokopi lako linaweza kutuma skani kwa FTP au barua pepe, tumia hiyo. Kama haliwezi, tenga kompyuta moja ndogo ya kupokea skani tu, matoleo ya zamani yaishie hapo.

#15 Shangani_Print

Kompyuta moja zaidi ni pesa zaidi. Lakini nimekuelewa. FTP ipo kwenye menyu yake, sijawahi kuigusa.

#16 mzee_wa_mtandao

Wanangu, mmesahau saa. Angalieni saa za kompyuta hizo. Zikipishana zaidi ya dakika tano seva inakataa watu. Tumesumbuka sana na hilo kazini kabla sijastaafu.

#17 karafuu_kavu

Mzee wangu, hiyo ya dakika tano si ya kule penye domeni, kwenye Kerberos? Kwa Kombo hakuna domeni, kuna kompyuta kongwe tu juu ya meza.

#18 mzee_wa_mtandao

Saa mbovu haina faida popote. Aziangalie.

#19 kombo_wete

Mzee, nimeziangalia. Ya maktaba ilikuwa nyuma miaka kadhaa, betri ya ndani imekufa. Nimeirekebisha, ikakataa vilevile. Lakini shukrani, nisingelijua.

Sasa nilichofanya. Nimeondoa `guest ok`, nikaweka `map to guest = Never`, nikaanzisha kundi la ofisi na kuandika `valid users = @ofisi`. Kisha nikamtengeneza mtumiaji mhasibu kwa `adduser`, nikampa paswedi ileile anayofungulia Windows, nikamtia kwenye kundi. Sasa naambiwa System error 1326, jina au paswedi si sahihi. Vyote ni sahihi! Nimeandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

#20 karafuu_kavu

Yakhe, hapo nilipoteza siku nzima ya maisha yangu mwaka juzi. `adduser` inamtia kwenye daftari la Linux. Samba ina daftari lake. Tena ulishalisema mwenyewe #8, paswedi ziko mbili.

```
sudo smbpasswd -a mhasibu
```

Halafu `pdbedit -L` umwone. Asipokuwepo hapo, kwa Samba hajazaliwa.

#21 BiMwema

Sawasawa. Na kwa walimu ambao hawatakaa mbele ya seva yenyewe, hakuna haja ya kuwapa nyumba wala ruhusa ya kuingia kwenye Linux:

```
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi mwalimu1
sudo smbpasswd -a mwalimu1
```

Angalia jambo moja zuri lililotokea hapo, Kombo. Kabla hujaweka Never, kosa hili lingekuja kwa sura ya "huna ruhusa", maana mhasibu angegeuzwa mgeni kimya. Sasa seva inasema wazi kwamba haimjui mtu. Ndiyo sababu nisiyoipenda Bad User kwenye ofisi. Inaficha kosa la jina ndani ya kosa la folda, nawe unakwenda kutafuta pasipo.

#22 kombo_wete

Mhasibu yumo kwenye `pdbedit`. 1326 imeondoka. Nikafurahi dakika moja. Folda bado haifunguki!! Kwenye logi za /var/log/samba kuna mstari unaotaja /home/kombo/matokeo na mwisho wake Permission denied. Folda yenyewe nimeshaipiga chmod 777, yaani hata paka wa skuli anaweza kuandika humo. Mimi kwa jina langu naingia kama kawaida.

#23 Darajani_Kompyuta

Zima ukuta wa moto wa seva. `sudo ufw disable`. Jaribu.

#24 karafuu_kavu

Ukuta wa moto ungemzuia kufika. Huyu amefika, amepokelewa, amepelekwa chumbani, kufuli iko chumbani.

#25 BiMwema

Karafuu kasema. Kombo, piga hii utuletee:

```
namei -l /home/kombo/matokeo
```

Na ukitaka kuona kwa macho ya mhasibu bila Samba kabisa:

```
sudo -u mhasibu ls /home/kombo/matokeo
```

#26 kombo_wete

```
drwxr-xr-x root  root  /
drwxr-xr-x root  root  home
drwxr-x--- kombo kombo kombo
drwxrwxrwx kombo ofisi matokeo
```

Ya pili imekataa, Permission denied, na Samba haikuhusika hata kidogo.

#27 nahodha_mstaafu

Hapa sasa hata mimi naona. Mstari wa tatu.

#28 BiMwema

Nahodha kapata. Ili ufike kwenye folda lazima upite kwenye kila folda iliyo juu yake, na kwa kupita unahitaji ile herufi x. Mstari wa tatu, /home/kombo, watu wengine hawana hata herufi moja. Ubuntu tangu 21.04 inazifunga nyumba za watumiaji hivi, zamani zilikuwa wazi kwa kusomwa, ndiyo maana maelekezo mengi ya miaka ya nyuma yanakuambia weka folda nyumbani kwako na wenye kuyaandika hawakudanganya. 777 yako iko chumbani, mlango wa uwani umefungwa.

Samba inapomkubali mhasibu inavaa nafsi ya mhasibu kwenye Linux. Inachoweza kufanya ni kile tu mhasibu anachoweza. Maadamu nafsi ni hiyo, `smb.conf` inaweza kumpunguzia, kumzidishia haiwezi.

Usiifungue nyumba yako. Hamisha folda:

```
sudo mv /home/kombo/matokeo /srv/matokeo
sudo chgrp -R ofisi /srv/matokeo
sudo chmod -R g+rwX /srv/matokeo
sudo chmod 2770 /srv/matokeo
```

Ile 2 ya mbele inafanya kila faili jipya ndani liwe la kundi la ofisi. Folda ndogo zilizokwisha kuwemo uzipe nazo, kwa `chmod g+s`. Kwenye `smb.conf` badilisha path, kisha chini ya [matokeo] weka `create mask = 0660` na `directory mask = 2770`. Bila hizo, mhasibu ataandika faili na mwalimu mkuu ataweza kulisoma tu, kisha utarudi hapa na uzi mwingine.

#29 Shangani_Print

Mbona taabu yote hiyo. Mimi naweka `force user` jina langu, basi. Kila aingiaye anaandika kama mimi, hakuna kundi, hakuna mask, hakuna kuhamisha.

#30 BiMwema

Itafanya kazi, na hata nyumbani kwa Kombo ingefunguka, maana Samba ingevaa nafsi ya Kombo. Lakini kila faili litakuwa la Kombo. Siku matokeo ya kidato cha pili yakibadilishwa alama, mwenye jina kwenye faili ni Kombo.

#31 Shangani_Print

Kwenye duka la watu wawili sihitaji mahakama. Nani kafuta? Mimi au mdogo wangu.

#32 karafuu_kavu

Na mdogo wako anasema ni wewe.

#33 kombo_wete

Mie siwezi, alama zina wenyewe. Nimehamisha. Mhasibu KAINGIA. Hakuulizwa hata jina, kaingia tu, kaniletea kahawa na kashata.

Mwalimu mkuu naye, baada ya kumsajili, ile hadithi ya taasisi imepotea yenyewe, sikugusa chochote kwenye Windows 11.

Iliyobaki ni maktaba. Kule mtumiaji wa Windows anaitwa "Maktaba Skuli", na nafasi katikati, na Linux hainikubalii jina lenye nafasi. Tena wanafungua kwa PIN. Nikijaribu kuingia kwa jina la maktaba nililosajili naambiwa System error 1219.

#34 BiMwema

1219 maana yake Windows hiyo tayari ina mazungumzo na seva kwa jina jingine, na haikubali majina mawili kwa seva moja. Majaribio yako ya kombo yamebaki humo. Futa, kisha angalia kilichohifadhiwa:

```
net use * /delete
cmdkey /list
```

Ukiiona 192.168.1.10 kwenye orodha, ifute kwa `cmdkey /delete:192.168.1.10` na uiweke upya kwa jina sahihi. Ukimaliza `/pass` bila kitu, itakuuliza paswedi:

```
cmdkey /add:192.168.1.10 /user:maktaba /pass
```

PIN ni ya kompyuta ileile tu, haipelekwi kwa seva. Anayefungua kwa PIN usimwambie "andika ile unayoandika kila siku", atakuandikia tarakimu nne na Samba itazikataa.

#35 karafuu_kavu

Kuna njia nyingine ya hilo jina lenye nafasi. Kwenye [global] weka `username map = /etc/samba/majina.map` na ndani ya faili hilo mstari mmoja, kushoto jina la Linux, kulia la Windows:

```
maktaba = "Maktaba Skuli"
```

Samba inageuza jina kwanza, ndipo inakagua paswedi ya maktaba. Kwa hiyo paswedi ya Windows na ya `smbpasswd` lazima zifanane.

#36 BiMwema

Nayo ni sahihi. Kwa mashine moja naona cmdkey nyepesi, zikiwa ishirini ramani ya majina ina faida, maana inakaa kwenye seva.

#37 mzee_wa_mtandao

Mimi kila siku namwambia mtu aandike jina la seva mbele, SKULI\maktaba. Bila hivyo Windows inatanguliza jina la kompyuta yake na seva inakataa.

#38 karafuu_kavu

Samba iliyo peke yake, bila domeni, hilo jina la mbele hailijali mzee. Nimejaribu hata na jina la paka.

#39 mzee_wa_mtandao

Kwangu lilisaidia. Siwezi kusema halikusaidia.

#40 kombo_wete

Nimetumia cmdkey, maktaba imeingia. Sikuandika la mbele, samahani mzee.

Limebaki moja. Ya mwalimu mkuu, kila asubuhi saa moja na nusu akifungua, diski ya Z: ina alama nyekundu na akiibofya inakataa. Akenda zake kwenye mstari wa wanafunzi, akarudi saa mbili, inafunguka bila mtu kugusa. Za wengine haziko hivyo.

#41 mzee_wa_mtandao

Saa.

#42 Darajani_Kompyuta

Nisiseme jina lake, lakini mnalijua. Tarakimu moja.

#43 Shangani_Print

Yeye ni waifai na wengine ni waya? Kama ndivyo, Windows inatafuta diski kabla waifai haijashika.

#44 karafuu_kavu

Waifai ya nusu saa? Hiyo inashikia Mombasa. Mimi nasema paswedi iliyohifadhiwa mbili, moja kwa anwani na moja kwa jina la seva, inaanza na mbovu.

#45 BiMwema

Kombo, logi ya mashine ile inasema nini saa moja na nusu? Kama kuna mstari wa kukataa, ni jina. Kama hakuna kitu, hakufika.

#46 kombo_wete

Nimeangalia siku mbili. Saa moja na nusu hakuna hata mstari mmoja wa mashine ile. Mstari wa kwanza ni saa mbili kasoro dakika chache. Na yeye ndiye peke yake aliye kwenye waifai, ruta iko chumba cha pili.

#47 Shangani_Print

Si nilisema.

#48 karafuu_kavu

Ulisema waifai, hukusema nusu saa. Nani anaiwasha hiyo ruta asubuhi?

#49 kombo_wete

Mlinzi huzima soketi zote usiku. Sijui huziwasha saa ngapi, kesho nitamwuliza. Leo nimemvutia mwalimu mkuu waya mrefu kupitia dirishani, nione asubuhi.

#50 nahodha_mstaafu

Mvua ikinyesha utoe huo waya.